Mti, mtandao, jedwali: nani achague njia?

Historia ya hifadhidata husimuliwa kama ngazi ya vipandio vitatu: kwanza mti, kisha mtandao, mwishowe jedwali, na kila mmoja ukimzika aliyetangulia. Simulizi hiyo si ya uongo, ila inapita juu juu ya jambo lililobishaniwa hasa. Nani achague njia ya kuifikia data: mwandishi wa programu au mashine?

Tuchukue mfano ambao Edgar Codd wa IBM aliutumia katika makala yake ya 1970. Kuna vipuri na kuna miradi. Tunataka namba, jina na idadi ya kila kipuri kilichotengwa kwa mradi uitwao alpha.

Mfumo maarufu wa mti ni IMS, ambao IBM iliujenga pamoja na kampuni ya Rockwell ili kufuatilia vipuri vya chombo cha Apollo. Ulianza kuitika huko Downey, California, Agosti 1968. Katika mti kila rekodi ina mzazi mmoja. Ukiviweka vipuri chini ya miradi, swali letu ni jepesi: shuka hadi alpha, soma watoto wake. Lakini kipuri kinachotumika kwenye miradi mitatu kitaandikwa mara tatu, na siku jina lake likibadilishwa mahali pawili tu, data inaanza kujipinga. Ukiupindua mti, vipuri vikawa juu, marudio ya vipuri yanaisha, ila sasa ili umpate alpha itabidi upekue kila kipuri.

Charles Bachman alikuwa ameshalipatia jibu tatizo hilo kabla ya IMS, katika mfumo wa IDS alioujenga General Electric mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mawazo yake ndiyo yaliyoingia katika ripoti za CODASYL, kamati ya viwango vya programu, za 1969 na 1971. Huu ndio mtandao: humo rekodi inaruhusiwa kuwa na wazazi wawili. Rekodi ndogo ya matumizi, yenye idadi ndani yake, inakaa katikati, imefungwa kwa mradi upande mmoja na kwa kipuri upande wa pili. Marudio yameondoka, lakini programu sasa inatembea kwa miguu yake:

```
FIND NEXT WITHIN MRADI-MATUMIZI
FIND OWNER WITHIN KIPURI-MATUMIZI
```

Hatua hizo zinarudiwa hadi mnyororo uishe, na ni juu ya mwandishi kukumbuka amesimama wapi. Akipotea, mara nyingi mfumo haulalamiki. Unampa tu rekodi isiyo yake.

Codd alichora miundo mitano ya kuhifadhi vipuri na miradi ileile, kisha akaonyesha kwamba programu iliyoandikwa kwa muundo wowote mmoja itashindwa katika angalau mitatu kati ya minne inayobaki. Kwangu hiyo ndiyo hoja yake nzito kuliko zote. Kwenye majedwali aliyoyapendekeza Codd, swali halitaji njia:

```
SELECT k.namba, k.jina, m.idadi
FROM kipuri k JOIN matumizi m ON m.kipuri = k.namba
WHERE m.mradi = 'alpha';
```

Bachman, katika mhadhara wa Tuzo ya Turing mwaka 1973, alikuwa amemsifu mwandishi wa programu kama nahodha anayejua kupita baharini. Mwaka uliofuata yeye na Codd walibishana hadharani huko Ann Arbor, Michigan. Ni rahisi leo kuwacheka waliokuwa upande wa Bachman, lakini shaka yao ilikuwa ya haki: wakati ule hakuna aliyekuwa ameonyesha mashine inayochagua njia kwa kasi ya kuridhisha. Jibu lilikuja kupitia System R, mradi wa IBM wa kujenga hifadhidata ya majedwali, ambapo Patricia Selinger na wenzake walieleza mwaka 1979 jinsi ya kukadiria gharama ya kila njia kwa kutumia takwimu za majedwali, kisha kuchagua iliyo nafuu.

Makadirio hayo yana udhaifu wake hadi leo. Takwimu zikichakaa, mashine hupotea. Endesha `EXPLAIN ANALYZE` kwenye hifadhidata ya PostgreSQL: ukikuta ilitarajia rekodi 10 ikapata 100,000, basi nahodha wako mpya amekosea ramani, na mara nyingi amri ya `ANALYZE`, inayokusanya takwimu upya, ndiyo ya kujaribu kwanza.

Kuna na deni jingine ambalo wanaolisifu jedwali hawalitaji sana. Swali la Rockwell lenyewe, yaani injini hii ina vipuri gani, navyo vina vipuri gani, mpaka mwisho, lilikuwa halisemeki kwa aljebra ya Codd, yaani hesabu yake ya kuunganisha na kuchuja majedwali, pale kina cha mti kisipojulikana. Kampuni ya Oracle ilibuni `CONNECT BY` yake, lakini kiwango rasmi cha SQL, lugha ya kuuliza majedwali, kilisubiri swali linalojirudia, `WITH RECURSIVE` ya 1999, miaka 31 baada ya Downey.