Namba Yangu Inauza Dagaa

Aliyegundua kwamba nimekuwa mwanamke ni mdogo wangu. Shangazi alimpa elfu kumi ya chai anitumie kwa simu, maana kwa hesabu za shangazi Ujerumani ni mkoa tu ulio mbali kidogo kupita Rukwa. Binti akaandika namba yangu, ambayo ameishika kichwani tangu yuko shule ya msingi, na kabla hajaweka namba ya siri simu ikamletea jina la mpokeaji. Jina la kike, yote matatu, na la mwisho ni la Kanda ya Ziwa kabisa. Badala ya kuniuliza mimi, akampelekea mama. Mama akavaa miwani, akasoma, akatoa hukumu: "Ndiyo maana hapigi. Kaoa huko, na laini kampa mke."

Mimi wakati huo nipo Leipzig, nasoma uzamili, na laini yangu ya Tanzania imelala ndani ya jalada la pasipoti, nimeibandika kwa selotepu isije ikapotea. Na haikupotea, bado ninayo. Kilichopotea ni namba.

WhatsApp ndiyo iliyonifunika macho. Ukishaisajili kwa namba fulani, haikuulizi tena laini iko wapi. Ukiipa intaneti inakwenda zake, hata laini ikiwa kabatini. Kwa hiyo mimi kila siku nachati kwa namba ya nyumbani, picha yangu ipo, watu wananijibu, namba naiona hai. Kumbe kampuni ya simu haihesabu chati. Inachohesabu ni matumizi yanayopita kwake: umepiga, umetuma meseji ya kawaida, umenunua kifurushi. Laini ikikaa kimya miezi mitatu hivi inafungwa, na baadaye namba inarudishwa sokoni, anauziwa mwingine. Hakuna anayekuandikia barua ya rambirambi.

Basi mwenye namba mpya akanunua simu janja, akafungua WhatsApp, akatumiwa namba ya uthibitisho, akaingia. Mimi huku nikatolewa nje nikiwa katikati ya mjadala mzito wa kundi la tuliomaliza wote kidato cha sita. Kama ningekuwa nimeweka ile PIN ya tarakimu sita ya hatua ya pili, angezuiwa kama wiki hivi. Sikuwa nayo. Nikajiunga upya kwa namba ya Kijerumani, na mtu wa kwanza kumwandikia akawa mama: "Mama shikamoo, ni mimi mwanao, namba yangu imebadilika."

Mtanzania yeyote anaijua sentensi hiyo. Inayofuata huwa ni "ile hela itume kwa namba hii". Mama hakusubiri ifuate, akanifungia.

Ikabidi nipitie kwa mdogo wangu, ambaye yeye aliniamini kwa sababu nilimtukana kwa namna anayoijua. Akampelekea mama simu. Mama akasema sauti si hoja, siku hizi hata sauti wanaiga, na sura ya kwenye video imevaa kofia ya sufu, mwanawe havai kofia. Atauliza swali.

"Siku ya kipaimara cha dada yako, ile chupa ya chai yenye maua mekundu ilivunjwa na nani?"

Nyumbani kwetu jibu rasmi la swali hilo ni paka. Limekuwa paka kwa miaka kumi na kitu, na paka mwenyewe alishapelekwa sokoni akatupwa huko kwa kosa hilo. Mtu wa nje angeweza kulipata jibu la paka kwa kuulizia majirani tu. Nikafikiri, nikameza mate, nikasema lile la kweli.

Kimya. Kisha mama: "Kumbe ni wewe!"

Utambulisho ukapita. Mengine yaliyofuata katika simu hiyo hayahusiani na namba.

Sasa benki. Nilikuwa na akiba niliyoiacha nyumbani, na ada ya muhula ilikuwa imekaribia siku ya mwisho. Programu ya benki nilikuwa nimeisajili kwa namba ileile, na kila muamala lazima utumiwe tarakimu sita za uthibitisho. Nikapiga huduma kwa wateja. Akapokea dada mwenye sauti ya asali, akataka namba ya NIDA. Hiyo naijua kwa kichwa, tarakimu zote ishirini, nane za mwanzo zikiwa tarehe yangu ya kuzaliwa. Nilizitiririsha bila kupumua, nikijua nimemaliza kazi.

"Asante kaka. Sasa kwa usalama wako, nakutumia tarakimu sita kwenye namba yako."

"Hiyo namba sinayo tena dada, ndiyo maana nimepiga. Nataka kuibadilisha."

"Nimekuelewa kaka. Ili kubadilisha namba, nakutumia tarakimu sita kwenye namba yako."

Akazituma kweli, nikiwa naye hewani. Nikawaza: zimeshafika mahali, kuna mtu anaziangalia sasa hivi. Nikamuaga, nikapiga namba yangu mwenyewe.

Ikaita. Nyuma yake kelele za soko, mtu anagombana na bei.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mama, mimi ndiye niliyekuwa na namba hii kabla yako. Kuna meseji ya benki imekuingilia sasa hivi, ina tarakimu sita. Naomba unisomee."

Nilipomaliza kusema ndipo masikio yangu yaliponisikia. Hakuna benki wala redio ambayo haijawaonya watu wasimsomee mtu tarakimu hizo, na matapeli wote nchini huomba kwa maneno hayohayo, na kwa shikamoo ileile.

Mama wa watu alicheka mpaka akakohoa. Akaweka sauti ya juu, akaita wenzake: "Njooni! Njooni mumsikie mwizi wa leo, huyu amelelewa!"

Nikajitetea kwamba niko Ujerumani. Mmoja wa wale wenzake akasema wa jana yake alikuwa Kanada. Nikasema namba ilikuwa yangu kihalali, niliisajili kwa alama za vidole. Hapo mama akaacha kucheka.

"Mwanangu, laini hii nimeinunua hapa Musoma, nimeweka kidole changu mwenyewe, na nikipiga *106# linatoka jina langu. Haya, wewe una nini?"

Sikuwa na kitu. Yeye alikuwa na laini, kidole na mashahidi. Mimi nilikuwa na selotepu. Nikaanza kuomba radhi nikate, akanizuia.

"Ngoja. Usije ukawa wewe ndiye unayedaiwa na fundi suti?"

Nikanyamaza.

"Ananipigia kila Jumamosi! Elfu thelathini! Namwambia mimi ni mama muuza dagaa, suti ya kiume naivaa wapi, ananijibu 'mwambie mumeo'. Kumbe ni wewe?"

Mtu wa pili huyo kunitambua kwa makosa ya zamani, na bado benki hawajanitambua. Tukaagana vizuri. Tarakimu hakunisomea, na kwa haki kabisa, ila alisema benki wakimuuliza atawaeleza. Niliona ni maneno tu ya kunipoza.

Tawi nililofungulia akaunti lilikuwa na njia moja kwa mteja aliye nje: barua ya maombi yenye saini ya mkono, fomu yao, na nakala ya pasipoti na ya kitambulisho cha taifa zilizogongwa muhuri wa ubalozi. Karatasi zenyewe zifike mezani, si picha ya simu. Na saini ifanane na waliyonayo kwenye faili.

Hapa ndipo nilipokwama zaidi kuliko kote. Akaunti niliifungua nikiwa na miaka kumi na minane, umri ambao mtu anasaini kana kwamba kesho anaapishwa kuwa waziri. Nakumbuka ilikuwa na mkia mrefu unaorudi nyuma na kulikata jina, na nukta mahali fulani. Ya sasa ni mistari miwili ya haraka. Nikampigia afisa wa tawi nimwombe anitumie picha ya ile ya kwenye faili.

"Hatuwezi kukuonyesha, kaka. Saini ni siri ya mteja."

"Mteja ni mimi."

"Hilo ndilo tunalolithibitisha."

Alikuwa mtu mwema lakini, akashusha sauti. "Wewe kumbuka nukta tu."

"Ni ngapi?"

"Kaka, usinifukuzishe kazi."

Nikapanda treni za mikoa kwenda Berlin uliko ubalozi wetu, zile zinazosimama kila penye benchi, kwa sababu ndizo zilizomo kwenye tiketi ya mwanafunzi. Njia nzima nilikuwa najifunza kughushi saini yangu. Nimejaza kurasa mbili za daftari, mikia ya kila urefu, nukta moja, nukta mbili, nukta chini ya mkia. Bibi wa Kijerumani aliyekaa mbele yangu alinitazama, akalitazama daftari, kisha akausogeza mkoba wake upande wa dirishani.

Ubalozini mambo yalikuwa mepesi. Walitaka pasipoti yenyewe ili wailinganishe na nakala, wakagonga muhuri, na raha ya kusikia "karibu sana" pale dirishani ilitosha kunirudishia nusu ya uraia wangu. Karatasi nikazituma kwa kampuni ya vifurushi, kwa nauli ambayo ningeianzia biashara ya dagaa.

Zilipofika, afisa wa tawi akafuata utaratibu: kabla ya kubadilisha namba, ampigie mteja kwenye namba ya zamani kuhakikisha kwamba ombi ni lake.

Akapokea mama wa Musoma.

Haya niliyapata kwa afisa mwenyewe, aliyenipigia baadaye kwenye namba ya Kijerumani akiwa bado hajakaa sawa. Aliuliza kama anaongea na mimi, akataja jina langu lote. Mama akamwambia hapana, mimi nipo Ujerumani nasoma, kijana mwenye heshima, namba nilinyang'anywa kwa sababu ya kutopiga simu, na kama benki ina nafasi basi kwenye hizo hela ikate elfu thelathini za fundi.

"Huyu mama ni nani wako?" afisa akauliza.

Nikamweleza. Akanifungulia video, akanitaka nishike pasipoti kando ya uso, nigeuke kulia, nigeuke kushoto, nivue kofia. Saini ilipita, sikuuliza nukta zilikuwa ngapi. Namba ikabadilishwa, ada ikalipwa, na fundi nikamlipa kupitia mdogo wangu, kwa amri ya mama zangu wawili.

Jumamosi iliyofuata simu ikaita, mwanzo wake +255, tarakimu zote nazijua.

"Mwanangu, fundi ameacha kunisumbua, Mungu akubariki. Sasa kuna mwingine asubuhi hii, anasema uliazima kitabu chake cha Kemia mwaka 2016. Nimwambieje?"