Kivuli Changu Juu ya Vitunguu

Fundi aliyetufungia umeme alinunua balbu za nyumba nzima kwa mkupuo: wati 9, zote 6500K. Usiku wa kwanza mke wangu alikaa sebuleni, akatazama dari, akaniuliza, "Baba Neema, hapa tunasubiri kuitwa na daktari?"

Namba hiyo ya K huandikwa kwenye boksi. Ikiwa ndogo, mwanga ni wa manjano. 2700K unafanana na balbu za zamani za waya, 4000K ni mweupe uliotulia, na 6500K una ubluu ndani yake. Wengi tunadhani mweupe zaidi ndio mkali zaidi. Hapana, wingi wa mwanga utazame kwenye lumeni.

Jikoni ndiko nilikopoteza hela. Mama Neema alilalamika haoni anachokata, nami nikabadilisha balbu ya wati 9 nikaweka ya 15. Kivuli kikazidi kukolea! Holda iko katikati ya dari na kaunta iko ukutani, kwa hiyo anayekata vitunguu anaipa taa mgongo na kujikinga mwanga mwenyewe. Hapo hata ungefunga wati 50, bado utakata gizani.

Dawa ilikuwa taa ya utepe chini ya makabati ya juu. Kaunta yetu ni mita 2 na utepe wa 4000K unakula wati 10 kwa mita, jumla 20. Adapta ya kwanza niliyonunua ilikuwa ya wati 18. Ikachemka, na baada ya muda taa zikaanza kupepesa. Ya wati 30 haijasumbua. Utepe ubandikwe karibu na ukingo wa mbele wa kabati, ndani ya mfereji wa alumini wenye kifuniko cheupe kama maziwa, la sivyo utahesabu vitone vya taa kwenye vigae. Kama huna makabati ya juu, tyubu ya futi 4 ukutani juu ya kaunta inatosha, ila isikae juu ya jiko, maana mafuta yataivaa. Na ukipata yenye Ra 90, yaani inayoonyesha rangi karibu na zilivyo kweli, lipia hiyo tofauti. Chini ya taa duni nyama mbichi huonekana ya kijivu hata ikiwa ya leo.

Sebuleni nimeweka 3000K: taa mbili za ukutani na moja ya kusimama pembeni ya kochi, kila moja na swichi yake. Ya darini tunaiwasha wakati wa kufagia.

Chumba cha kusomea kina taa ya mezani ya 4000K, na ya darini huwa inawaka pia, kwa sababu kuhamisha macho kutoka karatasi yenye mwanga kwenda gizani kunachosha. Taa hukaa upande wa pili wa mkono unaoandika. Neema anatumia kushoto, kwa hiyo kila jioni anaihamishia kulia, na kila asubuhi mimi nairudisha.