Msimamizi wa Villa Malindi: Mkandarasi au Mwajiriwa?

Villa nyingi za Casuarina zina msimamizi anayelipwa kwa ankara kila mwezi. Mwenye nyumba humwita mkandarasi. Tuchukue malipo ya shilingi 40,000, kwa viwango vya 2025.

Kama ni mkandarasi kweli, mwenye nyumba anakata ushuru wa zuio wa asilimia 5, yaani 2,000, anaupeleka KRA, na msimamizi anabaki na 38,000. Akiwa mwajiriwa, anakatwa NSSF 2,400, bima ya afya ya SHA 1,100, tozo ya nyumba 600 na PAYE ya takriban 3,150, kisha anapokea kama 32,750. Mwajiri naye anaongeza mfukoni mwake 2,400 ya NSSF, 600 ya tozo na 50 ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani.

Ndiyo maana wengi hupenda ankara, wasimamizi wenyewe wakiwamo. Ila zile 2,000 ni malipo ya awali tu ya kodi. Mapato ya mwaka ni 480,000, na asipokuwa na gharama za maana za kuondoa, hesabu ya kodi ya mwaka ikifungwa atadaiwa zaidi ya 20,000 juu ya zilizokatwa. Tozo ya nyumba ni juu yake. Ya SHA ataitafuta mwenyewe, na asiye na mshahara hutakiwa kuilipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. NSSF haina wa kumchangia nusu. Akiiacha, kila mwezi 4,800 haziingii kwenye akaunti yake ya uzeeni.

Mwenye nyumba naye ana hoja. Aprili hadi Juni wageni huwa wachache, na kulipa mshahara kamili kwa nyumba tupu si jambo dogo. Isitoshe, wapo wasimamizi wanaoshika villa tano, wana wafanyakazi wao na pikipiki zao, wanapanga bei, na mgeni akivunja mkataba hasara inawagusa. Hao kuwaita waajiriwa ni kuwaonea.

Lakini yule anayelala chumba cha nyuma cha villa moja, anayeomba ruhusa kwenda mazishini, anayepangiwa hata saa ya kufungua bwawa? Nionavyo, huyo ni mwajiriwa, hata karatasi iseme nini. Mahakama ya kazi hutazama nani anaamuru, vifaa ni vya nani na nani anabeba hasara. Jina lililoandikwa juu ya mkataba halitoshi.

Mzigo wa kukosea unamwelemea mwenye nyumba zaidi. KRA ikiona huo ulikuwa uajiri, inaweza kumdai yeye PAYE ambayo hakuikata, pamoja na adhabu na riba, ilhali alikuwa akiokoa 3,050 tu kwa mwezi. Kwa msimu mfupi, mkataba wa ajira wa miezi maalumu ungemfaa kuliko ankara: unakwisha msimu ukiisha, na michango inalipwa kwa miezi iliyofanyiwa kazi.