Tusiiruke Sala

Katika mafungo niliyohudhuria hivi karibuni, tulipewa sura nzima ya Injili kwa ajili ya lectio divina, yaani kusoma Maandiko kwa sala, tukaelekezwa kuisoma, kuitafakari, kuisali na kuingia katika taamuli, yaani kutulia kimya mbele ya Mungu, yote ndani ya robo saa, kisha kila mmoja akatakiwa kueleza alichojifunza. Maelezo yalikuwa mazuri, lakini yote yalikuwa mahubiri mafupi, na hakuna aliyepata nafasi ya kuzungumza na Mungu. Jambo hilo liliniuma.

Guigo wa Pili, mmonaki Mkartusi wa karne ya 12 aliyeziandika hatua hizo nne kama ngazi, alisema waziwazi kwamba kutafakari bila kusali hakuzai matunda. Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama, kwa kuwa kutafakari kunapendeza, na mtu huweza kukaa humo saa nzima akivuna mafundisho kwa ajili ya wengine.

Chukua habari za kipofu Bartimayo, Marko 10:46-52. Aya saba zinatosha kabisa. Zisome polepole, kwa sauti ya chini, kisha uzirudie mpaka neno moja likushike, tuseme ni swali la Yesu, "Wataka nikufanyie nini?" Katika kutafakari utaona kwamba Yesu anamwuliza kipofu jambo ambalo kila aliyesimama pale angeweza kulijibu, na kwamba watu wale wale waliomkemea anyamaze ndio sasa wanaomwambia ajipe moyo. Unaweza kujiuliza ni nani anayekunyamazisha wewe, au ni nani unayemnyamazisha.

Lakini swali bado halijajibiwa. Kusali ni kulipokea kana kwamba limeelekezwa kwako na kulijibu: "Bwana, nataka hiki." Dalili ni rahisi kuitambua: ukijisikia ukisema "Yesu anatufundisha kwamba", bado unatafakari, ukisema "Bwana, wewe waijua hofu yangu juu ya mwanangu", umeanza kusali. Jibu la kweli mara nyingi huchelewa, kwa maana la kwanza huwa ni lile la adabu, tulilozoea kulisema kanisani, na lile lililo moyoni huja baada ya kimya kirefu. Ndiyo maana robo saa haitoshi.

Nakubali kwamba mfanyakazi anayedamka alfajiri hana saa nzima. Basi apunguze aya, asipunguze sala. Ufafanuzi wa wataalamu nao una faida, ila usomwe kabla ya kuanza.

Kuhusu taamuli sina mengi ya kusema, kwa kuwa haiamrishwi. Ni kutulia mbele ya Mungu maneno yanapokwisha, naye ndiye anayeijalia. Guigo aliandika kwamba kuipata bila sala ni jambo la nadra au la muujiza. Isipokuja, mtu harudi nyuma kwa aibu. Anarudi kwenye aya ile ile, anaisoma tena, na kumwambia Bwana neno jingine.