Barua ya kuita mfanyakazi si cheti cha daktari

Wiki jana nimeonyeshwa barua ambayo bado inanikera. Imetoka kwa kiwanda kimoja cha mikate hapa Kisumu, imeandikiwa dada wa kitengo cha kufungasha, na sentensi yake ya pili inasema: “Kutokana na hali yako ya kiafya ambayo imekuwa ikiathiri mahudhurio yako, unaombwa kufika ofisini ili tukusaidie.” Tukusaidie! Halafu chini kabisa, kwa herufi nzito, aje na ripoti ya hospitali.

Nani amewaambia anaumwa? Hakuna. Siku zote alizokosa alipiga simu asubuhi akasema “nina shida nyumbani.” Supavaisa ndiye aliyepandisha hiyo shida cheo ikawa ugonjwa. Na tusidanganyane. Kwa mji huu wetu, mwanamke mwembamba akiandikiwa “hali yako ya kiafya” na barua yenyewe ikapitia mikono ya karani, mlinzi na msimamizi wa shifti, kufikia saa ya chai kila mtu amejua inamaanisha nini. Hakuna aliyetaja virusi, na hakuna aliyehitaji kutaja.

Nimekaa ofisi za wafanyakazi muda mrefu na barua za aina hii nimeandika nyingi. Ngoja niseme barua yenyewe inavyotakiwa kuwa, kwa sababu kazi yake ni nyembamba kuliko watu wanavyofikiri: inaita mtu mkae muongee, na inamwonyesha kilichoonekana kwenye rejista. Basi.

Kilichoonekana ni tarehe. Za huyu dada, za mwaka 2025, zilikuwa tano: Jumatatu 4 Agosti, Alhamisi 14 Agosti, Jumatatu 1 Septemba, Jumanne 16 Septemba, Jumatatu 6 Oktoba. Kila mara siku moja, na kila mara alipiga simu kabla ya shifti. Barua ikiwa na hizo tarehe na hilo la simu, ana kitu cha kujibu. Anaweza hata kusema, “Tarehe 16 nilikuwa nimebadilishana na mwenzangu, angalieni vizuri.” Lakini ukimwandikia “umekuwa ukikosa mara kwa mara kwa sababu ya afya,” utajibiwa nini? Atabaki kujitetea dhidi ya uvumi.

Tena ziangalie hizo Jumatatu. Pale kiwandani kambi zilikuwa mbili: kambi ya ugonjwa na kambi ya pombe. Hii ya pili ilikuwa na hoja, nakubali shingo upande, maana mshahara huingia mwisho wa mwezi na Jumatatu za namna hiyo tunazijua wote. Ila zote tatu ni Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Kitu chenye ratiba namna hiyo kinanukia miadi. Dada ana mtoto wa miaka sita mwenye selimundu, na hiyo ndiyo siku ya kliniki yake. Zile siku mbili nyingine mtoto aliamka usiku na maumivu ya mifupa, ile hali isiyongoja kupambazuke wala kuombewa ruhusa.

Na hapa ndipo barua ya kubahatisha ugonjwa inapoharibu kazi kabisa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, inampa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu, kila miezi 12, mradi alete cheti cha daktari. Hiyo ni ya mfanyakazi mwenyewe kuugua. Mtoto akiugua, sheria hiyo haina likizo yake. Unategemea likizo ya mwaka, au mkataba wako, au makubaliano ya chama. Sasa mwite mama huyu kwa barua inayosema “unaumwa, leta karatasi.” Umemfungulia mlango mmoja tu, na mlango wenyewe ni wa uongo. Atatafuta wa kumwandikia kwamba mgongo unamuuma. Mwezi wa tatu mtagundua, na mtu mliyemwita kumsaidia mtamfukuza kwa udanganyifu, mkiwa mmekunja nyuso kama wenye haki. Angeulizwa bila kubahatishiwa, angesema kliniki.

Ningemwandikia hivi:

“Rejista inaonyesha hukuwa kazini siku zifuatazo” (tarehe tano hapo) “na kwamba kila mara ulitupigia simu kabla ya shifti. Hatujui sababu, na hatujaamua lolote. Tungependa kuongea nawe Alhamisi saa nane mchana, chumba cha mafunzo, kwa muda wa nusu saa hivi, ndani ya saa zako za kazi. Tutakuuliza kama kuna jambo, la kazini au la nje, linalokufanya ukose, na kama kuna kitu kwetu kinachoweza kubadilishwa. Si lazima utueleze mambo yako ya siri, na huhitaji kuleta karatasi yoyote. Ukipenda, njoo na mfanyakazi mwenzako. Ukiona afadhali uongee na mtu mwingine badala ya msimamizi wako, tuambie kabla ya Jumatano. Kikao hiki si cha nidhamu.”

Hilo la mtu mwingine msilikate ili kuokoa karatasi. Kuna wanaokosa kazi kwa sababu ya huyo huyo supavaisa.

Na sentensi ya mwisho iwe kweli. Kifungu cha 41 kinataka mtu aelezwe tuhuma kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama, kabla ya kuachishwa kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au kutojiweza kimwili. Hicho ni kikao kingine, chenye barua nyingine. Nimeona mabosi wakiita mtu “tuzungumze kidogo” halafu dakika ya kumi wanatoa fomu ya onyo iliyokwisha kupigwa muhuri. Wafanyakazi si wajinga. Ukifanya hivyo mara moja, barua yako inayofuata ya kusaidia itajibiwa na wakili.

Barua apewe mkononi, kwenye bahasha iliyofungwa. Si kwenye grupu la WhatsApp la shifti, jamani.

Wenye viwanda wataniambia: na asiye na sababu je, anayekosa tu? Yupo, sibishi, na kifungu cha 44 kinahesabu kutokuwepo kazini bila ruhusa wala sababu halali kuwa kosa kubwa. Lakini hata huyo barua hii haimpi mwanya wowote. Akija akakaa kimya, unamwambia kinachotarajiwa, unapanga tarehe ya kuangalia tena rejista, mwezi mmoja au miwili mbele, na unaandika kwamba aliulizwa. Akiendelea, barua ya pili ni ya nidhamu na tarehe zako ziko safi. Kubahatisha ugonjwa hakukuongezei hata nukta hapo. Kunampa wakili wake cha kusema tu, kwa sababu taarifa za afya ni nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na wewe umezizusha na kuzizungusha kiwandani.

Huyo dada sasa Jumatatu ya kwanza ya mwezi anaingia shifti ya usiku, na mwenzake anachukua ya mchana. Amelipanga mwenyewe na huyo mwenzake, wawili tu, wakiwa wamesimama kituo cha boda. Ofisi imetia sahihi. Ile barua ya “hali yako ya kiafya” mpaka leo iko ndani ya faili lake, na nimemwambia aandike kuomba iondolewe.