Mnyuzilandi haongei haraka, irabu zake ndo zimehama

Nimechoka kusikia waongoza watalii wenzangu hapa Entebe wakisema wageni wa Nyuzilandi "wanaongea puani" au "wanakimbiza maneno", halafu wanaishia hapo, eti ni lafudhi tu utazoea. Hapana jamani. Kuna kitu maalum kinachotokea kwenye hicho Kiingereza, kina mpangilio kabisa, na ukiujua mpangilio sikio linafunguka haraka kuliko unavyodhani.

Chukua mfano wa mwongoza watalii mmoja ninayemfahamu, anapeleka watu Bwindi kuona sokwe. Mgeni alimpigia simu wakiwa bado njiani akamwambia kundi lao linahitaji "saks bids", yeye akaelewa bidi, zile shanga, akawa tayari anawatafuta kina mama wanaotengeneza shanga za karatasi ili watalii wapitie kununua. Mgeni alikuwa anaomba vitanda sita. Sasa ukiandika Kiingereza cha kwetu kwa herufi za Kiswahili hayo maneno ni "siks beds". Tazama kilichobadilika: e ya "beds" imekuwa kama i, na i ya "siks" imekuwa sauti fulani ya katikati ya mdomo, siyo i, siyo a, siyo u, sisi tunaisikia kama "saks" au "suks". Konsonanti zote ziko palepale. Spidi haihusiki.

Na kuna irabu ya tatu. Neno la mfuko, ambalo sisi Uganda tunatamka "bag" kwa a ya kawaida ya Kiswahili, wao wanalitamka karibu na "beg". Kwa hiyo ni mnyororo: a imepanda ikakaa karibu na e, e ikapanda ikakaa karibu na i, i nayo ikasukumwa katikati. Ni kama abiria kwenye siti ya teksi, mmoja akijisogeza wa pembeni naye lazima asogee. Ndo maana ukisikia mgeni anasema "tin" usikimbilie kuwaza kopo, inawezekana kabisa ni kumi. "Hid" inaweza kuwa kichwa. "Bek" ni mgongo au kurudi. Na ile jozi ya dubu na pombe, "bea" na "bia", kwa Wanyuzilandi wengi zimeungana zikawa sauti moja, hapo hakuna sikio litakalokuokoa, ni muktadha tu.

Sisi tunaoongea Kiswahili tuna irabu tano, safi, kila moja na nafasi yake. Kiingereza kina nyingi zaidi, kwa hiyo sikio letu linachukua sauti yoyote ngeni na kuitupa kwenye kapu mojawapo kati ya yale matano. Ile e ya Mnyuzilandi ikipanda kidogo tu, kapu la i linaidaka. Hakuna aibu hapo, sikio linafanya kazi yake, ila inabidi liambiwe kwamba kwa huyu mtu makapu yamesogea.

Kitu kizuri ni kwamba irabu hazihami neno moja moja, zinahama kwa ukoo. Mwanaisimu Mwingereza J. C. Wells mwaka 1982 alipanga maneno ya Kiingereza kwenye makundi 24 kwa kufuata irabu, na maneno ya kundi moja huwa yanasafiri pamoja. Ukishajua "ten" imekuwa "tin", basi "men", "red", "fresh", "chek" zote umezipata bure. Huhitaji kukariri kamusi.

Sasa mazoezi. Nenda accent.gmu.edu, ni hifadhi ya sauti ya Chuo Kikuu cha George Mason kule Marekani, watu kutoka nchi kibao wanasoma aya moja ileile, inaanza Please call Stella. Aya ni fupi kwa hiyo hata bando dogo linatosha. Na kwa bahati ina maneno yote tunayoyataka: sita, freshi, nyekundu, mifuko, watoto. Tafuta msomaji wa Nyuzilandi, sikiliza mara ya kwanza bila kuangalia maandishi, andika unachosikia kwa herufi za Kiswahili, usijisahihishe, kama umesikia "rid begs" andika hivyohivyo. Kisha fungua maandishi, weka pembeni, zungushia kila irabu iliyotofautiana. Utaona zinaangukia sehemu zilezile tatu. Sikiliza tena ukiwa unasoma.

Halafu, na hapa ndipo watu wanapokosea, usibaki na msomaji mmoja. Tafuta mwingine, mwanamke kama wa kwanza alikuwa mwanaume, mzee kama alikuwa kijana. Bradlow na Bent walichapisha utafiti mwaka 2008, Wamarekani wakisikiliza Kiingereza cha Wachina, na waliofundishwa kwa sauti za watu kadhaa walimwelewa msemaji mpya ambaye hawajawahi kumsikia, wakati waliofundishwa kwa mtu mmoja walikuwa wamemzoea huyohuyo tu. Kwa mwongoza watalii hiyo ni muhimu sana kwa sababu mgeni wako kila wiki ni mpya.

Kuhusu filamu nina maoni ambayo najua yatawaudhi wengi. Filamu za vijei wetu wanaotafsiri kwa Luganda juu ya sauti ni burudani tamu na mimi nazipenda, ila kwa sikio hazikupi kitu, ile sauti ya asili imefunikwa. Na maandishi ya chini yakiwa kwa lugha yako mwenyewe pia ni shida. Mitterer na McQueen mwaka 2009 waliwaonyesha Waholanzi video zenye lafudhi ya Kiskoti na ya Kiaustralia: waliosoma maandishi ya Kiingereza walielewa vizuri zaidi hata sentensi mpya baadaye, lakini waliosoma ya Kiholanzi walifanya vibaya kwenye sentensi mpya kuliko hata wale wasio na maandishi kabisa. Maandishi ya Kiingereza yanaliambia sikio "hiyo uliyosikia ni e", ya lugha yako yanakupa maana tu na sikio linalala. Kwa hiyo washa maandishi ya Kiingereza, kwa Kiingereza.

Ukitaka kujua kama umefika, chukua dakika moja ya mahojiano ya redio ya Nyuzilandi, RNZ wana podikasti nyingi za bure, mtu ambaye hujawahi kumsikia, bila maandishi. Andika yote. Kama ulichokosa ni majina ya watu na miji, uko sawa. Kama maneno uliyokosa yana irabu moja, sema zote ni zile i zilizoenda katikati, basi unajua pa kurudi. Na usishangae redio ikikushinda kuliko ile aya, kusoma ni kwa utaratibu na maongezi ya kweli yanameza silabi.

Simu na kelele ni habari nyingine. Ndani ya gari barabara ya vumbi, madirisha wazi, hata sikio lililozoea linapoteza, kwa sababu tofauti ya hizi irabu ni ndogo na kelele inazifuta kwanza. Hapo mimi namba siachii sikio. Saa, idadi ya watu, vitanda, nairudisha kwa mgeni kwa namna nyingine: akisema "tin" namuuliza, saa moja baada ya tisa? Akiomba "saks bids" namuuliza, vyumba vitatu, watu wawili wawili? Akisema ndiyo naandika, halafu namtumia kwa Watsapu kwa tarakimu, 10 na 6, kabla sijaipigia hoteli.