Andika Kadi Kwanza

Mimi ndiye mtunza stoo ya vifaa kwenye karakana yetu, na mafundi wamenibandika jina: Andika Kadi. Unataka spana? Kadi. Unataka nyundo ya mpira kwa dakika mbili tu? Kadi. Jina la kifaa, saizi, namba yako ya kazi, saa, sahihi. Kadi naitundika kwenye msumari kilipotoka kifaa, juu ya kivuli chake nilichokichora ukutani kwa rangi. Jioni natazama ukuta tu. Msumari wenye kifaa, salama. Wenye kadi, kuna mtu hatoki. Usio na chochote, mimi ndiye sitoki.

Siku hiyo saa 11 jioni dirisha lilijaa kama kawaida, kila mtu na mikono yake ya oili, wote wana haraka. Mmoja karudisha toki renchi, ile spana ya kupimia mkazo wa boliti, bila kuilegeza. Nikamrudishia aishushe hadi kipimo cha chini kabisa kwanza, maana ukiilaza na mkazo springi inachoka na kesho inadanganya. Wa pili kaleta patasi imechanua kichwa kama uyoga. Hiyo nikaiweka kando, hairudi ukutani mpaka isagwe, la sivyo siku moja kipande kitaruka kiingie jichoni mwa mtu. Wa tatu kaleta taa ya kazini, ile yenye sumaku kwenye kitako. Nikaiweka kaunta.

Kisha akaja Kumi na Nne na seti ya soketi. (Mafundi nawaita kwa namba zao. Wananichukia kwa hilo pia.) Soketi huwa nazimwaga zote kaunta, nafuta moja moja, narudisha kila moja kwenye tundu lake. Ndiyo njia pekee ya kujua seti imerudi kamili. Boksi lililofungwa halisemi kitu. Nikamwaga. Nikaitundika ile taa kunipisha nafasi. Nikafuta, nikapanga. Tundu moja likabaki wazi.

"Kumi na Nne, soketi ya 10 iko wapi?"

"Nimekuletea, mzee."

"Umeniletea tundu."

Soketi ya 10 ndiyo mtoro mkuu wa karakana zote. Ndiyo inayofungua boliti ndogo zenye unene wa milimita 6 na kichwa cha milimita 10, na hizo zimejaa kila kona ya injini, kwa hiyo inatoka mkononi kutwa na kudondoka pabaya. Huyu alikuwa ametoka kufunga mfuniko wa juu wa injini. Nikamwambia bila haya: injini hiyo haiwashwi. Soketi ikinaswa kwenye cheni ya ndani, kesho tutazika injini.

Alinitazama. Gundi ya mfuniko ilikuwa bado mbichi.

"Unataka nifungue tena?"

"Nataka soketi."

Wakafungua. Wakapekua sinia la chini, mifuko ya ovaroli, pipa la matambara. Giza likaanza, msimamizi akaniomba taa.

Nawaambia kweli, nilimwambia aandike kadi.

Akanitazama kwa muda, akasema, "Andika wewe. Umulike wewe." Nikaandika. Taa ya kazini, moja, saa 12 na dakika 20, sahihi yangu. Nikaitundika kadi kwenye msumari, roho safi, nikabeba taa kwenda kuwaonyesha mafundi jinsi mtu makini anavyotafuta.

Nikaibandika taa chini ya boneti. Ikalegea. Nikaihamisha pembeni, ikakaa upande upande, inamulika dari. "Taa yako leo ina nini?" akauliza Kumi na Nne, kichwa kimo ndani ya injini. Nikamjibu kwamba bodi lina grisi, ndiyo maana sumaku haishiki. Kazi ya mafundi wachafu hiyo. Nikafuta bodi kwa tambara. Nikabandika tena, safari hii kwa nguvu.

Taa ikateleza. Nikaidaka kwa waya, kitako kikagonga bampa, na kitu kikaanguka sakafuni: kling! Kikabiringika polepole, kikapita kati ya miguu ya msimamizi, kikasimama kwenye buti la Kumi na Nne.

Karibu saa nzima tulikuwa tumeitafuta. Dakika 10 za mwisho nilikuwa naimulikia na yenyewe ikiwa imening'inia kwenye kitako cha taa, tangu nilipoiondoa taa kaunta.

Hakuna aliyecheka. Kumi na Nne aliokota soketi, akaifuta kwa kidole, akaenda mwenyewe hadi dirishani kwangu. Akaishusha kadi yangu ukutani, akachukua kalamu yangu, na chini ya "Taa ya kazini, moja" akaongeza: "pamoja na soketi ya 10."

Kisha akanisukumia kadi. "Sahihi hapa, mzee."

Nikatia.